Kitenzi kilichofuata nomino ya jirani

«Mkuu wangu hapa Goma hunirudishia barua pepe akisema vitenzi havipatani, hasa sentensi zikiwa ndefu. Nakosea wapi?»

Ndugu, tazama sentensi hii: «Orodha ya vifaa vilivyopokelewa juzi katika ghala la Bukavu vimetumwa kwako.» Mwandishi alipofika kwenye kitenzi, sikio lake lilikuwa bado limejaa «vifaa vilivyopokelewa», ilhali kilichotumwa ni orodha, kwa hiyo kitenzi ni «imetumwa». «Vilivyopokelewa» hakiguswi, kwa kuwa vilivyopokelewa ni vifaa kweli.

Kabla ya kutuma, funika kwa kidole maneno yaliyo kati ya kiima na kitenzi kikuu, kisha usome kinachobaki: «Orodha vimetumwa» itakukwaruza sikio, hata kama katika mazungumzo yetu ya mtaani hatujali sana. «Orodha» haibadiliki katika wingi, basi acha neno linaloifuata wazi: «ya» hudai «imetumwa», «za» hudai «zimetumwa».

Kosa baya zaidi ni lile lisilokwaruza. «Maombi ya walinzi wa usiku wamekataliwa» humfanya msomaji adhani walinzi wenyewe ndio waliokataliwa, kumbe maombi yamekataliwa.

Sentensi ikizidi urefu, mimi hutanguliza kitenzi: «Nimekutumia orodha ya vifaa vilivyopokelewa juzi.»