Usiandike "kulainisha" mara mbili: kutafsiri maneno ya chuma na moto

Mimi hutafsiri vitabu vya mashine hapa Tanga, vingi vya karakana za mashamba ya mkonge. Sehemu ninayoiogopa zaidi ni pale chuma kinapoingia motoni. Neno moja likikosewa hapo, fundi atafuata maelekezo barabara na kifaa bado kitaharibika.

Chukua tindo ya kukatia chuma. Kwanza ncha hupashwa hadi iwe nyekundu ya kung'aa, nyuzi 800 na kitu, kiasi ambacho hata sumaku haiinasi tena. Kisha huzamishwa ghafla kwenye maji au mafuta. Ikitoka hapo ni ngumu mno, tupa huteleza juu yake bila kuikwaruza, lakini ukiigonga humeguka. Ndiyo maana hupashwa tena, safari hii kwa moto mdogo, nyuzi 200 hadi 300, ipoteze ugumu kidogo na ipate kustahimili mapigo. Fundi huisugua ing'ae, kisha hutazama rangi zikipita: manjano ya nyasi kavu, kahawia, zambarau, buluu. Tindo husimamishwa kwenye zambarau.

Tafsiri moja niliyopewa kuihakiki iliiita hatua hii ya pili "kulainisha". Nikampelekea mhunzi.

"Mzee, ukiambiwa uilainishe tindo baada ya kuizamisha, utafanyaje?"

"Naipasha iwe nyekundu, mwanangu, naifukia kwenye jivu mpaka kesho."

Alisema kweli, ila hiyo ni kazi nyingine: kulegeza chuma ili kikatike au kitoboke kwa urahisi kabla hakijaundwa. Tindo ikifanyiwa hivyo mwishoni, ugumu wote hutoweka na ncha hujikunja kwa pigo la kwanza. Kwa hiyo "kulainisha" nimeliachia jivu peke yake. Moto mdogo wa mwisho nauita "kupasha upya", na kila mara naweka nyuzi au rangi kando yake.

Kwa hatua ya kuzamisha, epuka "kutia maji" kitabu kinapotaka mafuta. Msemo huo wahunzi wanaujua, ila chuma cha springi ya gari kikitumbukizwa majini kinaweza kupasuka. Andika "kuzamisha kwenye mafuta", wazi kabisa.

Vipimo vya ugumu navyo visiguswe. 58 HRC, yaani ugumu kwa kipimo cha Rockwell C, hupatikana kwa kukandamiza ncha ya almasi na kupima kina cha alama. Kipimo cha Brinell hutumia tufe na kupima upana wa alama, na namba zake ni nyingine kabisa. "Ugumu wa 58" bila herufi zile hauna maana kwa mkaguzi. Na fundi wa karakana isiyo na mashine ya kupimia, mwongezee sentensi moja: tupa ikiuma kwa urahisi kabla ya kupasha upya, chuma hakikushika ugumu, kirudishwe motoni.