Mizani ya bafuni

"Nimepanda mara tatu, mara zote 71.4, ndo nzima hiyo?"

Sio lazima dada. Hizi za dijitali nyingi zinakumbuka uzito wa mwisho, ukishuka ukapanda tena na tofauti ni ndogo inakurudishia namba ile ile, kwa hiyo kila ukishuka pandisha kitu chengine kwanza, mfano dumu la maji la lita 20, ndo urudi weye. Na iwe juu ya taili, sio zulia. Miye nilichukua vipolo viwili vya mchele vya kilo 25, havijafunguliwa, nikavipandisha pamoja kwenye mizani yangu, na kila raundi nikapitisha dumu: 50.6, 50.7, 50.6. Haiyumbi hiyo, ila inazidisha kama nusu kilo na kitu (au polo ndo limejazwa sana, sijui, nataka nijaribu vya duka jengine). Ya jirani ikatoa 49.7, 51.2, 50.3, ukizichanganya karibu sawa na yangu lakini huwezi kuamini kupanda mara moja.

— Si uweke sukari kilo moja tu?

— Kilo moja peke yake nyingi haziioni, inakaa 0.0. Panda nayo mkononi uone kama inaongeza moja, ila hiyo haikwambii kama kwenye 70 iko sawa.

— Yangu ya mshale, haina kitu juu na inasoma 2 😅

— Zungusha kile kigurudumu cha pembeni mpaka sifuri, afu ndo uanze na vipolo.