Diazepamu: kidonge kilekile, kutuliza au kulaza

Kwenye dirisha la dawa huwa nasikia sana swali hili: "Mimi nimeandikiwa hii kwa ajili ya wasiwasi, mbona jirani yangu anaimeza apate usingizi?" Wote wawili wako sahihi. Diazepamu ni ileile, dozi ndiyo tofauti. Kwa wasiwasi, mtu mzima kwa kawaida huanza na miligramu 2 mara tatu kwa siku. Kwa kukosa usingizi, huandikiwa miligramu 5 hadi 15 kwa mkupuo mmoja wakati wa kulala.

Ubongo una kemikali yake ya kujituliza, iitwayo GABA. Ikishika kipokezi chake kwenye seli ya neva, kijitundu hufunguka, kloridi huingia, na seli hiyo hupunguza kutuma ishara. Diazepamu haifungui kijitundu yenyewe. Hukaa pembeni ya kipokezi na kuifanya GABA ikifungue mara nyingi zaidi. Dozi ndogo hushika sehemu ndogo tu ya vipokezi, na kwa kutuliza hofu, hiyo inatosha. Ikiongezwa, vinashikwa vingi zaidi, vikiwemo vile vinavyohusika hasa na usingizi, na mtu analala. Mpaka kati ya hali hizo mbili haupo. Ni mteremko mmoja.

Hapo ndipo watu wanapokwama, maana dozi ndogo ni ile iliyomo mwilini, si ile iliyoandikwa kwenye bahasha ya dawa. Chukua mzee ambaye mwili wake unahitaji saa 48 kupunguza diazepamu kwa nusu (kwa wazee hilo ni la kawaida kabisa). Anameza miligramu 6 kwa siku. Siku ya pili bado ana kama 4 za jana, jumla 10. Siku ya tatu inafika 13, na siku ya tano inakaribia 17. Hajaongeza hata kidonge kimoja, lakini sasa anasinzia mchana. Na hapo sijahesabu kile ini linachokizalisha kutokana nayo, ambacho nacho kinatuliza na hukaa mwilini muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo nikimpa mzee dawa hii, huwa namwambia anayeishi naye aangalie hasa wiki za kwanza: ulimi kuwa mzito, kuyumba akienda chooni usiku, kusahau mazungumzo ya jana. Akiona hayo, ampigie aliyeandika dawa ili dozi ipunguzwe. Wazee huanzishiwa nusu ya dozi ya kawaida au chini ya hapo. Aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiikatishe ghafla, maana anaweza kupata degedege.

Pombe, mofini, kodeini na tramadoli zikichanganywa na diazepamu humsukuma mtu chini zaidi kwenye mteremko uleule, hadi pumzi yenyewe inapungua. Ukimkuta mtu amezichanganya, anakoroma isivyo kawaida na haamki ukimtikisa, usimwache alale tu. Mlaze kwa ubavu na uite gari la wagonjwa.