Kwa mawakili wapya wa jinai: anzeni na muda wa maelezo ya onyo

Wadogo zangu mnaoanza kupokea kesi za jinai mahakamani Tanzania, mtakutana na jalada la namna hii mara nyingi. Mashahidi hawakumtambua vizuri mtuhumiwa, kielelezo kimepita mikono mingi, kisha kuna karatasi tatu za maelezo ya onyo ambamo mteja wenu anakiri kila kitu kwa Kiswahili safi kuliko anachozungumza. Kesi yote inasimama juu ya karatasi hizo tatu. Naandika kuwaonyesha namna ya kuzipima, kwa sababu humo ndimo ukamataji, haki ya wakili na haki ya kusikilizwa vinapokutana.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa polisi muda maalumu wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi. Kifungu cha 50 kinasema ni saa nne tangu aliposhikwa kwa kosa hilo. Angalieni vizuri pale muda unapoanzia. Hauanzi alipofikishwa kituoni wala alipoandikwa kwenye daftari la mahabusu. Unaanza pale alipozuiwa kuondoka, hata kama ni kibarazani kwake. Kifungu cha 51 kinaruhusu mkuu wa upelelezi wa kesi hiyo kuongeza muda usiozidi saa nane, na mtuhumiwa lazima aarifiwe. Zaidi ya hapo, polisi anatakiwa kwenda kwa hakimu kuomba kabla muda haujaisha. (Namba ninazotaja ndizo mtakazozikuta katika hukumu nyingi. Kabla ya kuandika hoja, linganisheni na toleo la urekebu linalotumika siku hiyo.)

Upo pia muda usiohesabiwa. Safari ya kumpeleka mtuhumiwa kituoni, au mahali pengine kwa ajili ya upelelezi, inaondolewa kwenye hesabu. Muda wa kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na wa kumsubiri afike, nao unaondolewa. Ila kuna sharti ambalo wengi hulisoma haraka: muda huo hauhesabiwi iwapo polisi alijizuia kumhoji wakati huo. Mteja akikwambia kwamba maswali yalianza ndani ya gari, umepata jambo kubwa.

Tuchukue mfano niliotunga kwa ajili ya kufundishia. Kijana ameshitakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa lisilo na dhamana na lenye kifungo kisichopungua miaka 30. Alikamatwa Mbagala Jumatatu saa 2:00 usiku, akafikishwa kituoni saa 2:40. Saa 11:00 alfajiri alipelekwa Mkuranga kuonyesha pikipiki ilipofichwa, akarudishwa saa 1:00 asubuhi. Maelezo ya onyo yanaonyesha yalianza kuandikwa Jumanne saa 4:15 asubuhi, yakamalizika saa 5:30.

Piga hesabu pole pole. Saa nne tangu saa 2:00 usiku zinafika saa 6:00 usiku. Ondoa dakika 40 za safari, muda wa msingi unaishia saa 6:40 usiku. Kama hakuna aliyeuongeza, hapo umekufa, na safari ya alfajiri ya kwenda Mkuranga haiwezi kuufufua, kwa sababu ilifanyika baada ya muda kwisha. Maelezo yalianza kuandikwa saa tisa na nusu na zaidi baada ya ukomo. Hoja yako ni nzito.

Sasa tuseme muda uliongezwa ipasavyo kabla ya saa 6:40 usiku. Saa nane zinafika saa 2:40 asubuhi. Upande wa mashitaka utaomba saa mbili za Mkuranga ziondolewe, na ukomo utasogea hadi saa 4:40. Maelezo yaliyoanza saa 4:15 yalianza ndani ya muda, lakini yalimalizika dakika 50 baada yake. Hoja bado ipo, ila imekonda, na hakimu atakuuliza mteja wako aliumia vipi kwa dakika hizo. Ndiyo maana siku zote nawasihi muulize kwanza kama muda uliongezwa, nani aliuongeza, saa ngapi na limeandikwa wapi. Mpelelezi akisema aliongeza kwa mdomo, bila kumbukumbu na bila kumwarifu mtuhumiwa, msimwachie.

Saa hizi mtazipata wapi? Mteja hana saa mkononi, na simu ilichukuliwa alipokamatwa. Usimuulize "ilikuwa saa ngapi" ukatosheka. Muulize kama adhana ya isha ilikuwa imeshatoka, taarifa ya habari ilikuwa inasomwa, daladala zilikuwa bado zinapita, chai ya mahabusu ilikuwa imeshagawiwa alipoitwa chumba cha upelelezi. Kisha nenda kituoni siku ileile ya kwanza uliyopewa kazi. Mwandikie barua mkuu wa kituo, taja jina la mteja, saa uliyofika, na ombi la kumwona na kuwepo wakati wa mahojiano. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na iandikwe saa. Wakikataa kuigonga, andika mwenyewe jina la askari wa zamu na saa. Miezi minane baadaye hakuna atakayekumbuka, na karatasi hiyo itakuwa sauti pekee ya usiku ule.

Hapo tunaingia kwenye haki ya wakili. Kifungu cha 53 kinamtaka polisi, kabla ya kuuliza swali lolote, ajitaje jina na cheo, amweleze mtuhumiwa kosa analotuhumiwa kwa lugha anayoimudu, amwonye kwamba halazimiki kujibu, na amwambie kwamba anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Kifungu cha 54 kinamlazimu polisi kutoa nafasi ya mawasiliano hayo pale yanapoombwa. Anaweza kumkatalia ndugu au rafiki akiwa na sababu za msingi za kuhofia kwamba mshiriki atatoroka au ushahidi utapotea. Sababu hiyo haikuwekwa dhidi ya wakili. Someni kifungu hicho mbele ya mahakama neno kwa neno.

Katika fomu za maelezo mtakuta sentensi kama "niko tayari kutoa maelezo yangu peke yangu bila kuwepo wakili wala ndugu". Iko karibu katika kila jalada, mara nyingine kwa maneno yaleyale, na mimi siiamini kwa sababu tu imesainiwa. Mhojini mpelelezi polepole: mtuhumiwa alikuwa na simu? Ilikuwa kwa nani? Kituoni kuna simu aliyopewa? Alitajiwa wakili yupi anayeweza kumpigia usiku huo? Akijibu kwamba hapakuwa na muda wa kumsubiri wakili, mrudishe kwenye kifungu cha 50: muda wa kumsubiri wakili hauhesabiwi. Sheria imeondoa udhuru huo yenyewe. Polisi aliyemnyima mtu wakili kwa kuhofia saa hakuwa na sababu ya kuhofia.

Mteja asiye na uwezo wa kulipa msimwache aende peke yake kwenye kesi ya miaka 30. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inampa hakimu au jaji nafasi ya kuthibitisha kwamba mshitakiwa apewe msaada pale haki inapouhitaji. Mwaka 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, iliamua katika shauri la Alex Thomas kwamba Tanzania ilivunja haki yake kwa kutompa wakili, naye alihukumiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Liombeni jambo hili siku ya kwanza mahakamani na hakikisheni limeandikwa kwenye mwenendo.

Mahakamani, mpangilio ni kila kitu. Askari aliyekamata kwa kawaida hutoa ushahidi kabla ya mpelelezi aliyeandika maelezo. Mtake yeye aseme saa ya ukamataji, kwa swali fupi, kisha kaeni. Msimbishie, msimweleze kwa nini mnauliza. Mkiacha kumuuliza kabisa mtajuta, kwa sababu Mahakama ya Rufani katika Nyerere Nyague ilisema kwamba asiyemhoji shahidi kuhusu jambo fulani huhesabiwa amelikubali.

Mpelelezi anapoomba maelezo yapokelewe kama kielelezo, ndipo mnasimama. Pingamizi linatolewa kabla ya kupokelewa. Baada ya hapo mlango umefungwa kwa sehemu kubwa. Tenganisheni sababu zenu. Kama mteja anasema alipigwa au alitishwa, hilo ni suala la hiari. Mahakama Kuu itaendesha kesi ndani ya kesi, na mahakama za chini zitafanya uchunguzi mdogo, na mzigo wa kuthibitisha hiari uko kwa upande wa mashitaka. Kama hoja ni muda au kunyimwa wakili, hilo ni suala la kukiuka sheria na linajibiwa kwa hoja na kumbukumbu. Mkisema kwa pumzi moja kwamba hakutoa maelezo, na kwamba aliyatoa kwa kipigo, mmeua yote mawili. Kaeni na mteja mapema mpate simulizi moja ya kweli.

Tena msiahidi matokeo. Zipo hukumu, kama ya Janta Joseph Komba, ambapo maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda yaliondolewa. Lakini Nyerere Nyague ilifafanua kwamba si kila ukiukaji unayaondoa moja kwa moja. Kifungu cha 169 kinaitaka mahakama ipime uzito wa kosa, uzito wa ukiukaji na kama ushahidi huo ungeweza kupatikana kihalali, na anayetaka upokelewe ndiye wa kuishawishi mahakama. Kwa hiyo msiishie kusema "muda ulipita". Onyesheni kilichofanyika ndani ya muda uliopita: mtu alilala sakafuni, hakula, aliomba kumpigia dada yake akakataliwa, ndipo saa 4:15 asubuhi akaanza "kukiri". Kumbukeni pia kwamba maelezo yakiondolewa, pikipiki iliyokamatwa Mkuranga bado ipo, na itahitaji hoja zake.

Pingamizi likikataliwa, msikae chini mkidhani kazi imekwisha. Kielelezo kikishapokelewa lazima kisomwe kwa sauti mahakamani ili mshitakiwa ajue anajibu nini. Ndio msimamo wa Mahakama ya Rufani tangu Robinson Mwanjisi, na nyaraka nyingi zimeondolewa kwenye rufaa kwa kutosomwa tu. Andika katika daftari lako kama maelezo yalisomwa, na nani, kisha siku nakala ya mwenendo itakapotoka linganisha na kilichoandikwa humo kabla hujaandaa sababu za rufaa.