Kusafisha orodha ya usajili kabla ya semina: usianze na kufuta

Ukikabidhiwa orodha ya waliojisajili na ukaambiwa uisafishe, mkono utakimbilia kile kitufe cha Remove duplicates. Kiache kwanza. Kitufe hicho kinajua mistari inayofanana, hakijui watu. Asubuhi ya semina meza ya usajili haitauliza mistari mingapi imefanana. Itauliza huyu aliyesimama mbele yetu ni nani, beji yake iko wapi, na kwa nini hayumo.

Laha inayopokea majibu ya fomu usiifanyie kazi yoyote. Majibu bado yanaingia pale, na ukikosea hutakuwa na pa kurudi. Tengeneza nakala, kisha uongeze kolamu ya kwanza yenye namba ya mstari kama ulivyokuwa kwenye laha ya awali. Namba hiyo ndiyo itakayokuokoa mtu atakapopanga upya orodha kwa alfabeti bila kukuambia.

Tuchukue mfano wa semina ya walimu. Hii hapa mistari sita ya kutunga, lakini ukifanya kazi hii utakutana nayo hivihivi. Tarakimu za katikati za simu nimezificha.

```
2   Fatma Juma Khamis        0712xxx345       ofisi@shule.example
3   Kulwa Masanja Ng'wandu   0754xxx118       ofisi@shule.example
4   Doto Masanja Ng'wandu    0754xxx118       ofisi@shule.example
5   FATUMA HAMISI JUMA       +255 712 xxx345  ofisi@shule.example
6   Mwl. Rashidi Ally        0688xxx901       r.ally...@gmail.com
7   Rashid Ali Salum         0765xxx270       rally...@gmail.com
```

Ukifuta kwa kufuata barua pepe, anabaki Fatma wa mstari wa 2 na wale wawili wa mwisho. Kulwa na Doto wamepotea kwa sababu tu shule yao ina anwani moja na mwalimu wa taaluma ndiye aliyewajazia wenzake fomu. Ukifuta kwa simu, Doto anapotea, halafu Fatma anabaki mara mbili kwa kuwa namba yake imeandikwa kwa mitindo miwili. Ukifuta kwa jina, hakuna kinachofutika. Yaani kolamu tatu, majibu matatu, na yote si sahihi.

Kwa hiyo kwanza zifanye namba za simu zifanane. Watu huandika 0712, wengine +255, wengine 255 bila alama, wengine huweka nafasi na vistari. Ukifungua faili la CSV kwenye Excel ndiyo balaa zaidi: sifuri ya mwanzo hutoweka, na namba iliyoanza na 255 hugeuka kitu kama 2.55712E+11. Kwenye Google Sheets, kama simu ziko kolamu D, fomula hii inaondoa kila kisicho tarakimu na kubakiza 9 za mwisho:

```
=RIGHT(REGEXREPLACE(TO_TEXT(D2),"[^0-9]",""),9)
```

Tarakimu 9 zinatosha kwa semina ya ndani ya nchi. Kama una wageni wa Tanzania na Kenya kwenye orodha moja, usikate msimbo wa nchi, maana namba za nchi zote mbili zina tarakimu 9 baada ya sifuri na nyingi huanza na 7. Unaweza kumuunganisha mtu wa Arusha na mtu wa Nakuru ambao hawajawahi kuonana.

Majina yana shida nyingine. Kwetu mtu huandika jina lake, la baba na la babu, lakini fomu moja itampata anaanza na la ukoo kama shuleni walivyomzoesha, na fomu nyingine ataliacha kabisa la babu. Fomula ifuatayo huweka herufi zote ndogo, huondoa nafasi za ziada, kisha hupanga maneno ya jina kwa alfabeti ili mpangilio usikudanganye:

```
=JOIN(" ",SORT(TRANSPOSE(SPLIT(LOWER(TRIM(B2))," "))))
```

Kabla ya kuitumia, hamishia Mwl., Dkt., Bi na vyeo vingine kwenye kolamu yake. Halafu panga orodha nzima kwa kolamu hii mpya na uisome kwa sauti. Ndiyo, kwa sauti. Tahajia za majina yetu zinatofautiana kwa jicho kuliko kwa sikio: Khamis na Hamisi, Ramadhan na Ramadhani, Ally na Ali, Zainab na Zainabu, Mohamed na Muhammad, pamoja na wale ambao r na l kwao ni ndugu. Jicho lililochoka linapita juu yake, sikio linashtuka. Lakini sikio nalo lina mipaka yake. Asha na Aisha wanaweza kuwa watu wawili waliokaa dawati moja, na Salum si Salim.

Sasa ongeza kolamu ya HALI, na humo uandike neno moja kati ya matatu: MMOJA, TOFAUTI au ULIZA. Kanuni ninayoifuata ni kwamba siwaunganishi watu kwa ushahidi wa kitu kimoja. Lazima viwili vikubaliane, na barua pepe sihesabu kama ni ya ofisi, ya kanisa, ya mzazi au ya stesheneri. Hao wa stesheneri usiwasahau. Mtu asiye na anwani huenda kujaziwa fomu pale, na kijana wa kompyuta huweka yake mwenyewe ili kazi iishe.

Turudi kwenye mistari yetu. Wa 2 na wa 5 wana simu ileile baada ya kusafishwa, na majina matatu yaleyale kwa tahajia nyingine. Andika MMOJA. Wa 3 na wa 4 wana simu moja, barua pepe moja, na majina mawili ya mwisho sawasawa. Kompyuta ingeapa kwamba ni mtu mmoja aliyekosea kuandika. Wewe umeona Kulwa na Doto na umeshajua ni mapacha, na huenda mmoja ndiye mwenye simu inayokaa na chaji. Andika TOFAUTI. Vivyo hivyo kwa Hassan na Hussein wa baba mmoja.

Wa 6 na wa 7 ni ULIZA. Simu ni mbili, majina yanakaribiana bila kufikiana, na anwani zinatofautiana kwa nukta tu. Gmail haijali nukta katika anwani zinazoishia na gmail.com, kwa hiyo r.ally na rally ni sanduku moja. Anwani za ofisi na za kampuni nyingine usizifanyie hivyo, huko nukta inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Hapa piga simu zote mbili. Wengi wana laini mbili, na ukipokelewa na sauti ileile mara mbili umemaliza. Wakipokea watu wawili, basi ni baba na mwana au mtu na shemeji yake wanaotumia sanduku moja, na wote wawili wanahitaji kiti.

Kuunganisha nako si kufuta mstari mmojawapo. Aliyejaza mara mbili mara nyingi alikuwa na sababu: alibadili siku, au alikumbuka kuandika kwamba hali nyama. Chukua muda wa usajili wa kwanza kwa ajili ya foleni ya nafasi, na majibu ya mwisho kwa ajili ya chakula, siku na malazi. Mstari unaobaki uandikie kwenye kolamu ya pembeni namba ya mwenzake, yaani mstari wa 2 unabaki na pembeni unaandika 5. Ule wa 5 uufiche kwa kichujio. Akija kulalamika kwamba alibadili siku, utaona yote mawili.

Kuhusu tahajia za majina, nina msimamo mkali kidogo: usimsahihishie mtu jina lake. Unaweza kuamini kwamba Fatma ameandika haraka na kwamba "sahihi" ni Fatuma, kumbe kitambulisho na vyeti vyake vyote vinasema Fatma. Cheti cha semina chenye herufi moja ya ziada kitamsumbua siku ya kukipeleka kwa mwajiri. Unachoruhusiwa kurekebisha bila kuuliza ni herufi kubwa na ndogo na nafasi za ziada, na hata hapo angalia. Fomula ya PROPER kwenye Excel hukuza herufi inayofuata ritifaa, kwa hiyo Ng'wandu hutoka Ng'Wandu. Tafuta kila jina lenye ritifaa na ulitazame mwenyewe kabla beji hazijaenda kuchapwa. Kwa mengine, tuma meseji fupi:

"Habari za leo, Mwalimu. Tunaandaa vyeti vya semina. Jina tulilonalo ni FATMA JUMA KHAMIS. Je, ndivyo lilivyo kwenye kitambulisho chako? Jibu NDIYO, au tuandikie jina lilivyo, herufi kwa herufi."

Wasiojibu hadi jioni, pigia. Usiwaweke wote kwenye kundi la WhatsApp na kubandika orodha waisahihishe hadharani. Namba zao za simu si mali ya kundi, na Tanzania tangu 2022 ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Barua pepe inayotumiwa na wengi iache kama ilivyo kwenye orodha, ila uipe alama. Ukituma mialiko kwa mkupuo bila alama hiyo, sanduku la shule litapokea barua kumi zenye kichwa kimoja. Katibu atafungua ya kwanza na kudhani nyingine ni marudio. Badala yake tuma barua moja yenye majina yote na uombe athibitishe jina baada ya jina. Halafu kila mtu mtumie meseji kwenye simu yake. Kitu kimoja kisipitie anwani ya pamoja kamwe: majibu ya swali la afya au mahitaji maalumu. Mwalimu aliyekuandikia kwamba anatumia dawa zinazohitaji jokofu hakumwandikia mkuu wake wa shule.

Anwani zilizokosewa ni kazi nyepesi. Chuja kolamu utafute gmail.con, gmial.com, yaho.com na zile zisizo na @. Za namna hiyo rekebisha, kisha thibitisha kwa simu.

Weka saa ya kufunga orodha, kwa kawaida siku moja kabla ya kuchapa beji. Atakayekuja baada ya hapo aingie kwenye laha ya waliochelewa, kwa sababu ukimchomeka katikati ya orodha iliyokwisha kwenda kwa mchapaji, laha yako na beji zilizochapwa hazitalingana tena. Andaa beji tupu na kalamu nene kwa ajili yao.

Orodha ya mezani ichape kwa alfabeti ya jina la kwanza, maana mtu akifika atasema "naitwa Doto", hatasema Ng'wandu. Pembeni ya kila jina weka tarakimu 3 za mwisho za simu. Wakija kina Halima watatu kwa mpigo, unawauliza namba zinaishia na ngapi, na foleni inasogea.