Kejeli ya bosi inaposomeka kama pongezi

"Wakuu, nipo Bagamoyo. Bosi wangu ni Mwingereza anayekarabati nyumba ya wageni, na mimi ndiye ninayemtafsiria meseji za mafundi. Fundi akichelewa, bosi anaandika kwa kejeli, kama 'hongera kwa kasi yako ya ajabu, wala usijisumbue'. Nikitafsiri hivyohivyo fundi anajibu 'asante bosi' na kazi inalala. Nikitafsiri anachomaanisha, inatoka ukali mtupu na fundi ananuna. Nifanyeje?"

Mkuu, kazi hiyo nimeifanya muda mrefu hapahapa Bagamoyo, kati ya wenye nyumba na maseremala wa milango ya nakshi. Fundi wako hana tatizo la kuelewa. Amesoma kama ambavyo yeyote kati yetu angesoma. Kwetu mazungumzo huanza na adabu: hongera, pole na kazi, asante kwa jana. Hata mwenye malalamiko huyatanguliza hayo kabla ya kusema lililomleta. Kwa hiyo pongezi ikitangulia kwenye meseji, msomaji anaipokea kama adabu na kusubiri neno lenyewe. Kwa bosi wako neno lenyewe haliji kamwe, kwa sababu kwao ucheshi uko palepale: unasifu kitu ambacho kila mtu anajua hakipo, unanyamaza, msomaji anamalizia mwenyewe.

Sisi pia tunasifu kwa kejeli, tena sana, lakini inabebwa na sauti. "Hongeeera" ya kuvutwa, mguno, msonyo, jicho la pembeni. Kwenye simu vyote hivyo havipo. Ndiyo maana nakushauri usiihamishe pongezi ya kinyume. Shika kile bosi anachotaka msomaji ahisi, yaani "nimeona umechelewa, sijakasirika sana, lakini fanya haraka", kisha ukibebe kwa njia ambazo Kiswahili kilichoandikwa kinaziweza. Ninazozitegemea ni swali lisilohitaji jibu, chumvi iliyozidi hadi haiwezekani kuwa kweli, na "eti" au "kwani" mwanzoni mwa sentensi ili msomaji ajue mapema kwamba maneno yanayofuata hayachukuliwi yalivyo. Alama ikija mwishoni imechelewa, ameshaamini.

Nikupe mfano mmoja mzima. Mwenye nyumba mmoja aliagiza mlango wa mninga, siku zikapita. Akaandika kwa lugha yake meseji ya maana hii: hongera kwa kasi ya ajabu, tafadhali chukua muda wako, wageni wanafika Ijumaa tu na bila shaka watafurahia upepo. Aliyemtafsiria kabla yangu aliihamisha neno kwa neno. Fundi akajibu kwa heshima zote kwamba anashukuru sana kwa kupewa muda, basi ataumaliza wiki inayofuata. Ona hatari ilipokuwa. Pongezi ilimfurahisha tu, hasara haikutoka hapo. Kilicholeta hasara ni "chukua muda wako", kwa sababu hiyo ni ruhusa, na mtu akipewa ruhusa huitumia.

Meseji niliyoiandika upya ilikuwa hivi:

"Fundi, habari za kazi? Kwani huo mlango unasubiri mninga upandwe, uote, ukue ndipo uanze kuuranda? Wageni wetu wanaingia Ijumaa, au tuwaambie waje na mapazia yao? Naomba mlango ufike Alhamisi kabla ya adhuhuri, tuufunge siku hiyohiyo."

Salamu imebaki salamu, haina kejeli ndani yake, ili fundi asianze kujiuliza lipi la kweli na lipi la mzaha. Swali la mninga linabeba dhihaka yote ya bosi, na hakuna seremala atakayedhani anaulizwa kweli, maana anajua mti huo unachukua miaka mingapi. Ukweli wa Ijumaa umewekwa wazi kando ya mzaha wa mapazia. Sentensi ya mwisho haina utani hata chembe. Hili la mwisho silegezi: siku, saa, fedha, vipimo na ruhusa yoyote huviandika wazi kabisa, hata kama bosi alivifunika kwenye kejeli. Mzaha ukieleweka vibaya unasahaulika, lakini siku ikieleweka vibaya wageni wanalala bila mlango.

Fundi alijibu: "Bosi, mbegu imeshachipua. Alhamisi nauleta."

Jibu ndilo kipimo chako. Akishukuru, amechukua maneno yalivyo. Akijibu "sawa" kavu, au akaomba radhi kwa kirefu, amesikia tusi. Akirudisha mzaha juu ya jambo lilelile, imefika. Lakini usisubiri jibu la fundi ndipo ujue. Kabla ya kutuma, msomee mtu asiyejua habari hiyo na umuulize: huyu anataka nini, lini, na amekasirika kiasi gani? Usimuulize kama inachekesha, atakuambia ndiyo ili akufurahishe.

Kuhusu fundi kununa, angalia kejeli inamlenga nani. Mzaramo na Mnyamwezi wanaweza kuambiana maneno makali hadi msibani na hakuna anayekasirika, kwa sababu kuna utani kati yao tangu enzi za misafara iliyokuwa ikiteremka kutoka bara mpaka hapa pwani. Bosi wako hana utani na mtu yeyote hapa, na zaidi ya hapo ndiye anayelipa. Neno lilelile likitoka kwake linakuwa dharau. Mimi huigeuza dhihaka imwelekee mlango, simenti au mvua, nikamwacha mtu pembeni. Na fundi akiwa mtu mzima, inabidi kulainisha zaidi: "Shikamoo mzee. Naona mlango wetu umeshakuwa mwenyeji huko kwako, umekataa kurudi kwao. Tunaomba utusaidie kuushawishi, Alhamisi tunauhitaji." Kejeli ipo, heshima yake ipo, na mzee ana nafasi ya kucheka bila kuvuliwa nguo mbele za watu.

Emoji zinasaidia kidogo tu. Uso wa kucheka ukiuweka baada ya kosa la mtu, unasomeka kama unamcheka. Ukiweka, uwe baada ya chumvi yenyewe, hapo kwenye mninga, kamwe usiwe baada ya siku ya mwisho.

Upande wa pili nao una mtego. Fundi akimwandikia bosi "siku hizi umetutupa", anamtania kwa upendo kwamba hapiti tena kiwandani. Ukiipeleka kama ilivyo, bosi anasoma shutuma. Mpelekee kwamba wamemkumbuka na wanamtania kwa kuadimika. Na ile ya mbegu kuchipua, mpe mzaha wake, kisha ongeza wazi kwamba fundi ameahidi Alhamisi.

Kuna meseji ambazo siruhusu kejeli ipite hata bosi akisisitiza: fundi aliyefiwa, aliyeumia kazini, au anayedai malipo yake. Hapo namwambia bosi kabla ya kutuma kwamba nitapeleka ombi lake bila mzaha, na sababu namweleza. Pia kila nilipobadilisha dhihaka, namwandikia mstari mmoja wa maana ya nilichotuma: "nimemuuliza kama anasubiri mti uote, nikamtaka Alhamisi kabla ya adhuhuri". Bosi anapaswa kujua jina lake limetumika kusema nini.