Maswali na Majibu: Kutoka Mhitimu hadi Mhandisi Mtaalamu

Niko mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme. Wenzangu wanajiunga na IEK kama wanafunzi. Inanisaidia nini kupata leseni baadaye? — Msomaji, Juja

Kwa leseni, haikusaidii moja kwa moja. IEK ni chama cha wahandisi wa Kenya: ukiingia kama mwanafunzi, unapanda kuwa mhitimu, kisha mwanachama kamili anayeandika MIEK, na mwisho wa ngazi ni FIEK. Leseni inatolewa na Bodi ya Wahandisi, EBK, iliyoundwa na sheria ya 2011. Jiunge kwa sababu ya mihadhara na kujuana na watu, maana mhandisi atakayekusimamia ukimaliza chuo huenda ukampata huko. La kuangalia mapema zaidi ni kama kozi yako, katika chuo chako, inatambuliwa na Bodi. Kuna waliolijua hilo wakiwa wamekwisha kuvaa joho.

Nimefanya kazi miaka minne kwa mkandarasi, barabara na mitaro, nikiwa mhandisi mhitimu wa EBK. Nimeandika ripoti ya kuomba kuwa mhandisi mtaalamu. Mkubwa wangu wa zamani ameisoma akasema haitapita, lakini hakusema kwa nini. — Msomaji, Kasarani

Asante kwa kunitumia kurasa zake. Sheria inadai uzoefu usiopungua miaka mitatu na kufaulu tathmini ya Bodi, kwa hiyo kwa hesabu ya kalenda umetosha. Ila miaka miwili ya kwanza unasema uliripoti kwa meneja wa mradi. Je, yeye ni mhandisi aliyesajiliwa? Kama siye, nani atatia sahihi kwamba aliikagua kazi yako ya kihandisi? Ukikosa wa kuithibitisha, usijenge ombi lako juu ya miaka hiyo. Ni afadhali usubiri mwaka mmoja chini ya mhandisi mwenye leseni kuliko kwenda mbele ya jopo na ushahidi wa nusu.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, nalo liko kwenye vitenzi vyako. “Tulijenga barabara, tuliweka makalvati, tulikabidhi kazi.” Anayekusoma anajua kampuni ilifanya nini, lakini hajui wewe uliamua nini. Ukurasa wa tisa una kisa kizuri ulichokipitia kwa mistari miwili tu: mchoro ulionyesha kalvati ya milimita 600, ikawekwa ya 900. Hapo ndipo pa kukaa.

Kiandike hivi. Ulitembea eneo linalomwaga maji pale, ukakuta ni kama hekta 10, na mabati na lami vimeongezeka tangu mchoro uchorwe, ndiyo maana ukachukua mgawo wa mtiririko, yaani sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini, wa 0.7. Kwa mvua ya milimita 80 kwa saa, maji yanayofika ni takriban mita za ujazo 1.56 kwa sekunde. Bomba la zege la 600 kwenye mteremko wa asilimia 1 linapitisha kama 0.6 tu; la 900 linapitisha kama 1.8. Kisha eleza ulivyompelekea mhandisi mshauri hesabu hiyo, alichopinga, gharama iliyoongezeka, na nani aliidhinisha. Weka karatasi ya hesabu kama kiambatisho, yenye tarehe na sahihi. Jiandae kuulizwa kwa nini 80 na si 60; kama namba hiyo uliikuta kwenye kabrasha la mtu mwingine, itajulikana kwa swali moja.

Visa vitatu vya namna hiyo vinashinda orodha yako ya miradi kumi na minne. Na hadi jina lako liingie kwenye rejista ya wataalamu, ondoa “Eng.” kwenye jalada la ripoti. Nimeiona.

Mimi ni MIET. Naweza kuandika CEng, na nikiipata nitasaini michoro hapa Nairobi? — Msomaji, Westlands

Hapana kwa yote mawili. MIET inaonyesha daraja lako la uanachama katika IET, chama cha wahandisi chenye makao Uingereza. CEng, cheo cha mhandisi aliyethibitishwa, ni usajili mwingine, wa Baraza la Uhandisi la Uingereza, na chama chako ndicho kinachokupima kwa niaba yake: maarifa, usanifu, uongozi, mawasiliano na maadili. Wengi wanalipa ada ya uanachama miaka nenda miaka rudi bila kuomba tathmini hiyo, na wanabaki MIET. Na hata ukiipata, kazi ya Kenya inadai usajili wa EBK na leseni inayohuishwa kila mwaka. Vielelezo ulivyokusanya kwa CEng usivitupe, vitakufaa kwenye ripoti ya EBK.

Nina diploma ya umakanika. EBK watanisajili? — Msomaji, Industrial Area

Kwa diploma, siyo EBK. Nenda KETRB, bodi ya mafundi sanifu na wanateknolojia iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Kuingia EBK ni lazima kwanza uwe na digrii ya uhandisi inayotambuliwa.